Msanii ni Nani, na Kazi Yake ni Nini?

Msanii anayeomba nafasi kwenye maonyesho, au ruzuku, au miezi michache ya kukaa na kufanya kazi katika kituo cha sanaa, mara nyingi hukuta fomu yenye sehemu mbili zinazofuatana. Ya kwanza inataka wasifu mfupi. Ya pili inataka maelezo yake kuhusu kazi zake. Wengi huijaza ya kwanza bila shida, wakifika ya pili wanarudia yaleyale, ila sasa "yeye" amekuwa "mimi": nilizaliwa wapi, nilisoma wapi, nilianza kuchora nikiwa darasa la ngapi. Jopo linalochagua linasoma maisha ya mtu mara mbili, na halipati neno hata moja kuhusu picha zilizoambatanishwa.

Ukweli ni kwamba karatasi hizo mbili zinajibu maswali tofauti, na mfano wa mfinyanzi mmoja mzaliwa wa Nairobi unaionyesha tofauti hiyo vizuri.

Wasifu wake ukiandikwa kwa ufupi unaweza kuwa hivi: Magdalene Odundo ni mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na anayeishi Uingereza. Alianza na usanifu wa michoro nchini Kenya kabla ya kwenda kusoma Cambridge mwaka 1971, na baadaye alihitimu katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, London, mwaka 1982. Katika miaka ya 1970 alijifunza ufinyanzi katika kituo cha Abuja, Nigeria. Mwaka 2018 aliteuliwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Sanaa za Ubunifu, na mwaka 2020 alipewa heshima ya Dame.

Kila sentensi hapo inaweza kuhakikiwa na mtu asiyewahi kumwona Odundo. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya wasifu. Umeandikwa kana kwamba mtu mwingine anamzungumzia msanii, kwa sababu kweli ni mtu mwingine atakayeutumia: mwandishi wa habari, mshereheshaji anayemkaribisha jukwaani, au mhariri anayepanga kitabu cha maonyesho. Wote hao wanataka ukweli wa kunakili haraka bila hofu ya kukosea.

Lakini msomaji aliyemaliza wasifu huo bado hajui vyungu vyenyewe vikoje. Hajui kwamba Odundo hatumii gurudumu la mfinyanzi, bali huinua chungu kwa mkono, pingili juu ya pingili, na kukikwangua hadi kuta ziwe nyembamba. Hajui kwamba vyungu hivyo havipakwi ule rojo unaogeuka kioo tanuruni. Vinapakwa udongo laini uliochanganywa na maji, kisha vinasuguliwa kwa subira mpaka ving'ae vyenyewe. Rangi nayo huletwa na moto. Tanuru likipata hewa ya kutosha, chuma kilichomo ndani ya udongo hutoa rangi ya chungwa iliyokolea. Chungu kikichomwa tena katika moto ulionyimwa hewa, kikiwa kimefunikwa pamoja na vipande vya mbao vinavyotoa moshi, hutoka cheusi. Wakati mwingine hubaki na mawingu ya rangi zote mbili, kwa kadiri moshi ulivyofika hapa na kukosa kufika pale.

Mambo ya namna hii ndiyo mahali pa maelezo ya msanii. Yanaeleza kitu kimetengenezwaje, kwa nini kwa njia hiyo na si nyingine, na fundi anatafuta nini anapokitengeneza. Yanaandikwa kwa nafsi ya kwanza, kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza kuyajibu. Mtu wa pembeni anaweza kuhakikisha kuwa Odundo alikwenda Abuja. Ila kwa nini mfinyanzi aliyezungukwa na magurudumu ya vyuo vya Uingereza aendelee kujenga kwa mkono, hilo ni lake mwenyewe kulisema.

Katika mfano huu karatasi hizo zinagusana mahali pamoja. Safari ya Abuja ina nafasi katika zote mbili. Kwenye wasifu inachukua mstari mmoja: wapi na lini. Kwenye maelezo inaingia pale tu inapoeleza jambo lililo kwenye chungu, kwa mfano namna mikono inavyozunguka chombo kilichotulia badala ya chombo kuzunguka kati ya mikono, ujuzi ambao wanawake wa Kigwari, Ladi Kwali akiwa maarufu kuliko wote, waliufanya ujulikane mbali na kijiji. Tukio la maisha lisiloacha alama kwenye kazi libaki kwenye wasifu, hata kama msanii analipenda sana.

Si kila msanii ana historia ndefu kama hiyo, na hapo ndipo haja ya karatasi zote mbili inapokuwa kubwa zaidi. Tuchukue mfano wa kubuni: mwanamke wa Tanga anayefanya sanaa kwa kanga kuukuu. Anakata maandishi ya jina la kanga, anayatenganisha na mji na pindo, kisha anayashona juu ya kitambaa cha tanga. Hajasoma chuo cha sanaa. Maonyesho aliyoshiriki ni mawili tu. Akiandika maelezo yake kwa mara ya kwanza, huenda yakawa hivi:

"Mimi ni msanii niliyezaliwa na kipaji. Tangu utotoni nilipenda sanaa. Kazi zangu zinaelezea maisha, utamaduni wa Mswahili na hisia za mwanadamu. Ninaamini sanaa inaweza kubadilisha jamii."

Hakuna uongo hapo. Tatizo ni kwamba maneno hayohayo yanaweza kubandikwa chini ya kinyago, picha ya mafuta, wimbo wa taarabu au filamu, na hakuna atakayeshtuka. Hicho ndicho kipimo rahisi cha maelezo mabovu: yahamishe kwa msanii mwingine uone kama yanakaa. Yakikaa, hayajasema kitu. Hapa kanga hata haikutajwa, wala sindano, wala tanga.

Njia ya kuyarekebisha ni kuacha kusaka maneno makubwa na kujibu maswali madogo. Kanga zinatoka wapi? Kwa nini zilizochakaa na si mpya za dukani? Nini hukatwa, nini huachwa? Kwa nini juu ya tanga? Yule mwanamke akijibu kwa uaminifu, maelezo yake yatabadilika kabisa:

"Ninafanya kazi kwa kanga zilizovaliwa mpaka zikapauka. Nyingi nimepewa na wanawake wa mtaani kwangu, na kabla ya kukata ninamwuliza mwenye kanga alinunuliwa na nani na alikuwa anajibiwa nini kwa lile jina. Ninayakata maandishi neno kwa neno na kuyashona upya kwa mpangilio mwingine juu ya kitambaa cha tanga, ili maneno yaliyosemwa kimyakimya ndani ya nyumba yasomeke kwa mbali. Sifichi mishono. Mahali kanga ilipochanika napaacha hivyohivyo, kwa sababu hapo ndipo ilipokuwa ikifungwa kila siku."

Jopo likisoma haya na kutazama picha, linaona kitu ambacho lisingekiona: kwamba matundu yale si uzembe. Maelezo mazuri hayamfundishi mtazamaji ahisi nini. Yanamwonyesha pa kuangalia, kisha yanamwacha. Ndiyo maana sentensi kama "kazi zangu zinagusa mioyo" hazifai humo. Hilo ni la mtazamaji kulisema, akitaka.

Wasifu wa mwanamke huyohuyo utakuwa mfupi na mkavu, na hakuna aibu katika hilo: ni msanii wa nguo anayeishi na kufanya kazi Tanga, alijifunza kushona kwa shangazi yake, ameshiriki maonyesho mawili ya pamoja, na kwa sasa anaandaa mfululizo wa kazi kumi na mbili. Kosa la wasanii wanaoanza ni kuujaza utupu huo kwa sifa, "mahiri", "wa kipekee", "anayekuja kwa kasi". Mratibu wa maonyesho hurukia maneno hayo bila kuyasoma, na mhariri huyafuta. Kujifunza kwa shangazi ni ukweli wenye uzito kuliko sifa zote hizo, kwa kuwa unasema ujuzi umetoka wapi.

Kwa msanii mkongwe mizani hugeuka. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga, alishinda Tuzo ya Turner mwaka 2017, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Wasifu wake unaweza kufungua mlango wowote kwa mstari huo mmoja. Hata hivyo, tuzo haimwelezi mtazamaji kwa nini kuna michoro yake iliyotungwa kwa mfano wa kanga, ikiwa na maneno yake. Wasifu ukitaja Zanzibar, na ukiongeza kwamba mama yake alikuwa msanifu wa vitambaa, utatoa dokezo tu. Uhusiano wa dokezo hilo na rangi iliyoko ukutani ni kazi ya maelezo.

Kuhusu urefu, mtu anayetuma maombi mara kwa mara hujiwekea wasifu wa saizi tatu: wa maneno yapata 50 kwa kipeperushi, wa 150 hivi kwa fomu, na wa ukurasa mmoja kwa kitabu. Ule mfupi usiwe mrefu uliokatwa mkia. Unaandikwa upya, jambo zito likitangulia, na ni vizuri kuusoma kwa sauti, maana mshereheshaji atausoma hivyo hivyo mbele ya watu. Maelezo ya msanii kwa kawaida huwa kati ya maneno 100 na 300. Anayefanya kazi za aina mbili zisizofanana, tuseme picha za kupigwa na kamera na sanamu za mbao, aandike mawili, na kila ombi lipate linalohusu kazi zilizoambatanishwa.

Karatasi hizi hazizeeki pamoja. Wasifu huchakaa msanii anapohama mji, anapopata tuzo au anapomaliza masomo, na dalili yake ni rahisi kuiona: bado unasema "kwa sasa anaandaa" kitu kilichokwisha miaka miwili iliyopita. Maelezo huchakaa kwa siri zaidi. Yule mwanamke wa Tanga akianza kushona juu ya nyavu badala ya tanga, hakuna kitakachobadilika kwenye wasifu wake hata herufi moja, lakini maelezo yake yote kuhusu tanga yatakuwa yanazungumzia kazi ambayo haifanyi tena. Inabidi akae mbele ya wavu, ajiulize upya kwa nini sasa anataka kitu chenye matundu, na aandike kuanzia hapo.