Mhasibu, Ataleta Hundi Kesho

Tuchukue baruapepe fupi ya aina inayotumwa maofisini kila siku:

"Habari za asubuhi. Mhasibu, ataleta hundi kesho. Nimemwambia, Rehema akukumbushe. Pia nakufahamisha kuwa, wafanyakazi ambao hawajajaza fomu za likizo, wanatakiwa kuzileta kabla ya saa sita mchana."

Ina mikato minne, na kwa maana aliyoikusudia mwandishi hakuna hata mmoja unaostahili kuwepo. Wa kwanza ndio wenye madhara zaidi. Mwandishi alitaka kusema kwamba mhasibu ndiye atakayeleta hundi. Lakini katika Kiswahili "ataleta hundi kesho" ni sentensi iliyokamilika, kwa sababu ile "a" ya mwanzo imeshambeba mtendaji. Ukitanguliza jina na kuweka mkato, msomaji analisikia jina hilo kama mtu anayeitwa, sawasawa na "Mama, amefika." Mhasibu sasa ni mwambiwa, na mleta hundi ni mtu mwingine asiyetajwa. Kama baruapepe hiyo imemfikia mhasibu mwenyewe, atakaa kusubiri hundi ambayo yeye ndiye anayetakiwa kuipeleka.

Katika barua ndefu, maelezo ya mbele na nyuma yangemwokoa msomaji. Baruapepe fupi haina msaada huo. Tena sentensi yake ya kwanza hufuata salamu papo hapo, mahali ambapo tumezoea kukuta jina la anayeambiwa.

Mkato wa pili umekaa upande wa pili wa kitenzi, kati yake na yambwa. "Nimemwambia Rehema akukumbushe" maana yake ni kwamba Rehema ameshaambiwa. Ukitia mkato baada ya "nimemwambia", kile kiambishi "mw" kinajitosheleza: kuna mtu ameambiwa, hatajwi, na alichoambiwa ni kwamba Rehema akukumbushe. Pengine Rehema mwenyewe hana habari. Sentensi zote mbili ni Kiswahili safi, na ndiyo maana kosa hili halijitangazi. Msomaji haoni kilichoharibika. Anaelewa jambo jingine tu.

Mkato baada ya "kuwa" ni mazoea ya barua za kiofisi, na huonekana pia baada ya "kwamba". Haupotoshi maana, lakini unakata pasipokatika: maneno yanayofuata "kuwa" ndiyo yenyewe unayomfahamisha mtu. Mkato utafaa hapo pale tu unapopachika maelezo ya ziada, na lazima uwe na mwenzake wa kuyafunga: "Nakufahamisha kuwa, kutokana na kukatika kwa umeme, kikao kimeahirishwa."

Ule wa mwisho, baada ya "likizo", nauelewa vizuri. Wengi tulifundishwa kuwa mkato ni mahali pa kuvuta pumzi, na kiima cha maneno sita kinamaliza pumzi kweli. Kanuni hiyo humsaidia anayesoma kwa sauti, lakini haimwambii mwandishi ni maneno gani yanashikana. Jiulize: nani wanatakiwa kuzileta? Jibu ni "wafanyakazi ambao hawajajaza fomu za likizo", lote zima. Hicho ndicho kiima, na "wa" ya "wanatakiwa" imekishika.

Wapo wanaojaribu kurekebisha kwa kuongeza mkato wa pili, baada ya "wafanyakazi". Hapo mambo huzidi kuharibika, kwa sababu maneno yaliyozungushiwa mikato huwa ni nyongeza inayoweza kuondolewa. Yaondoe, na kinachobaki ni "Wafanyakazi wanatakiwa kuzileta". Sasa wameitwa wote, hata waliokwisha kujaza fomu zao. Kama sentensi inakulemea, mimi ningeiunda upya: "Kama hujajaza fomu ya likizo, tafadhali ilete kabla ya saa sita mchana." Mkato huo ni halali, maana unatenga sharti na ombi.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma, tafuta kitenzi, kisha tafuta jina linalopatana na kiambishi chake. Ukikuta mkato mmoja peke yake kati yao, ufute. Ikiwa jina ni orodha, mikato ya ndani ibaki, lakini usiweke mwingine baada ya jina la mwisho: "Asha, Juma na Rehema wamefika."

Kuna sehemu moja ambapo nisingekuwa mkali. Mtu akiandika "Hundi ile, nimeipokea jana", ametanguliza yambwa makusudi ili kuikazia, na "i" ndani ya kitenzi inairudia. Hundi haiwezi kudhaniwa kuwa inaitwa, kwa hiyo mkato huo haumpotezi msomaji. Lakini "Meneja, nimemwona jana" ni hatari ileile ya mhasibu, na hapo ni afadhali kuandika "Nimemwona meneja jana."