Kiinua Mgongo na Likizo: Hesabu ya Siku ya Mwisho Kazini

Anayemaliza kazi katika sekta binafsi Tanzania Bara kwa kawaida huitwa ofisi ya utumishi na kupewa karatasi yenye mistari michache: mshahara wa mwezi wa mwisho, likizo, kiinua mgongo, nauli, na chini kabisa jumla na sehemu ya kusaini. Wengi hutupia jicho jumla, wakaona si haba, wakasaini. Lakini jumla hiyo imetokana na maamuzi madogomadogo yaliyofanywa na mtu wa mahesabu: amegawa mshahara kwa siku ngapi, amehesabu mwaka upi na kuuacha upi, likizo gani ameiona na ipi ameipita. Uamuzi mmoja ukikosewa, laki moja au mbili huyeyuka bila mtu kujua.

Msingi wa hesabu hizi ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria yake. Sheria ya Bara huweka kiwango cha chini. Mwajiri anaruhusiwa kulipa zaidi, na mkataba wa hiari wa chama cha wafanyakazi unaweza kumbana alipe zaidi, lakini kulipa pungufu haruhusiwi.

Jambo la kwanza la kuuliza ni jinsi ajira ilivyokwisha, kwa sababu kiinua mgongo na likizo havifuati njia moja. Kiinua mgongo cha kisheria hulipwa pale mwajiri anapomwachisha kazi mtu aliyemtumikia mfululizo kwa miezi 12 au zaidi. Aliyeacha kazi mwenyewe hakipati. Aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu uliothibitishwa kwa haki hakipati, wala anayepunguzwa kazini akakataa bila sababu ya msingi nafasi nyingine aliyopewa. Na hapa ndipo wengi hushtuka: aliyefikia umri wa kustaafu, au ambaye mkataba wake wa muda maalumu umefika tarehe yake ya mwisho, naye sheria haimpi.

Kwa huyo wa mkataba wa muda maalumu, macho yahamie kwenye mkataba wenyewe. Mikataba mingine, hasa ya miradi, huwa na kifungu kinachoahidi asilimia fulani ya mshahara wa msingi muda unapomalizika. Kifungu kikisema asilimia 15 na mshahara wa msingi ni shilingi 650,000, mkataba wa miezi 24 unamletea mfanyakazi 2,340,000. Kifungu kisipokuwepo, hana kiinua mgongo cha kudai. Pengine mwajiri alimfanya aamini kwa sababu za msingi kwamba mkataba ungeongezwa, kisha akaukatisha pale pale. Hapo sheria huweza kulihesabu tukio hilo kuwa ni kuachishwa kazi, na madai hubadilika sura.

Likizo haibagui hivyo. Aliyeacha, aliyeachishwa, aliyefukuzwa na aliyemaliza mkataba wote wanastahili kulipwa siku za likizo walizozifanyia kazi bila kwenda kupumzika, mradi hazijapitwa na muda wake.

Ili hesabu ionekane vizuri, tumchukue mtunza stoo wa kampuni moja ya kuuza vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 2019 kwa mkataba usio na kikomo, anafanya kazi siku sita kwa wiki na kupumzika Jumapili. Mshahara wake wa msingi ni 650,000 kwa mwezi, na juu yake hupewa posho ya nyumba na usafiri ya 150,000. Biashara ikashuka, kampuni ikapunguza watu. Tarehe 31 Agosti 2024 akapewa barua ya notisi ya siku 28, akafanya kazi mpaka Jumamosi ya tarehe 28 Septemba.

Hesabu nzima inasimama juu ya namba moja, yaani mshahara wa msingi wa siku. Neno la kuangalia ni "msingi". Posho hazimo, malipo ya saa za ziada hayamo, wala nyongeza ya kazi ya usiku au ya sikukuu. Kwa hiyo 150,000 ya posho inakaa pembeni, na anayepiga hesabu kwa 800,000 atakwenda kudai fedha ambazo sheria haimpi.

Halafu 650,000 igawanywe kwa ngapi? Jedwali la sheria linasema mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333, kisha kwa idadi ya siku ambazo mtu hufanya kazi kwa wiki. Hiyo 4.333 ni wiki za mwezi mmoja kwa wastani, yaani wiki 52 zikigawanywa kwa miezi 12. Kwa mtu wa siku sita, 4.333 mara 6 ni 26. Mtunza stoo wetu basi anapata 25,000 kwa siku. Angekuwa anafanya kazi siku tano kwa wiki, kigawanyo kingekuwa kama 21.7 na siku yake ingekuwa na thamani ya takriban 30,000.

Kosa linalojirudia sana ni kugawa kwa 30, kwa kuwa mwezi una siku 30. Mhasibu anayefanya hivyo huipunguza siku ya mtunza stoo hadi 21,667, na kila mstari unaofuata hupungua pamoja nayo.

Sasa kiinua mgongo. Kiwango cha chini ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi mfululizo, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Tangu Machi 2019 hadi mwisho wa Februari 2024 ni miaka mitano kamili. Miezi karibu saba iliyofuata haijatimiza mwaka, kwa hiyo kwenye mstari huu haihesabiwi. Siku 7 mara miaka 5 ni siku 35, na siku 35 mara 25,000 ni 875,000. Aliyegawa mshahara kwa 30 angempa 758,333, pungufu ya 116,667. Ukomo wa miaka 10 nao una uzito wake: mwenzake wa mshahara huohuo aliyekaa miaka 14 atalipwa siku 70 tu, sawa na 1,750,000, isipokuwa kama mkataba wake au mkataba wa hiari umeahidi zaidi.

Fedha hii haina uhusiano na michango ya NSSF. Mwajiri anayesema "kiinua mgongo chako utakichukua kwenye mfuko" anachanganya mambo mawili. Michango ni akiba ya mfanyakazi chini ya sheria nyingine, na kulipwa kiinua mgongo hakupunguzi kitu anachostahili kwingine.

Kwenye likizo, ile miezi isiyokamilisha mwaka inahesabiwa. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12. Ajira ikikatika katikati ya mzunguko, sheria inasema mfanyakazi alipwe mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi au alizostahili kulipwa. Namba 13 inaonekana ya ajabu mpaka uipime. Anayefanya kazi siku sita kwa wiki ana siku 312 za kazi kwa mwaka. Zigawe kwa 13 upate 24. Na siku 28 mfululizo ni wiki nne, ambazo kwa mtu huyo ni siku 24 za kazi. Mizani imekaa sawa. Ndiyo maana siku zinazogawanywa kwa 13 ni siku za kazi, kwa sababu thamani ya 25,000 nayo ni ya siku ya kazi.

Mzunguko mpya wa mtunza stoo ulianza tarehe 1 Machi 2024. Kutoka hapo hadi 28 Septemba ni siku 212 za kalenda, zikiwemo Jumapili 30. Zinabaki siku 182. Sikukuu zilizoangukia katikati ya wiki hazitolewi, kwa kuwa alistahili kulipwa siku hizo hata kama stoo ilifungwa. Ukigawa 182 kwa 13 unapata 14, na siku 14 mara 25,000 ni 350,000.

Lakini kuna likizo ya mzunguko uliotangulia. Alikwenda wiki mbili tu, kisha Januari akaombwa arudi kwa ajili ya kuhesabu mali. Hapa mwajiri mwingine angesema imekwisha muda. Kanuni ni kwamba likizo itolewe ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kwisha. Muda huo unaweza kufika miezi 12 ikiwa mfanyakazi ameridhia na kazi yenyewe inalazimu. Ikipita hapo bila kuchukuliwa, haki ya kulipwa fedha yake hupotea. Mzunguko wake uliisha Februari 2024, miezi sita ikatimia mwishoni mwa Agosti, mwezi mmoja kabla ya kuondoka. Kilichomwokoa ni fomu ya likizo aliyoisaini yeye na meneja, ikieleza kwamba wiki mbili zimesogezwa mbele kwa sababu ya kazi ya stoo. Wiki mbili ni siku 12 za kazi, sawa na 300,000. Bila karatasi ile, angebaki kubishana kwa maneno matupu.

Kiinua mgongo na likizo kwa pamoja vinafika 1,525,000 kabla ya makato ya kodi, mbali na mshahara wa Septemba.

Kuna njia nyingine ambayo likizo hupotelea, nayo huonekana kama hisani. Mwajiri humwambia anayeondoka, "Hizi siku 28 za notisi zitumie kama likizo yako." Sheria hairuhusu notisi kutolewa mtu akiwa likizoni, wala notisi na likizo kwenda sambamba. Aliyerudishwa nyumbani kwa namna hiyo bado anadai fedha ya likizo. Na iwapo mwajiri hataki afike kazini kabisa katika kipindi cha notisi, anapaswa kumlipa ujira ambao angeupata kama angefanya kazi siku hizo.

Kama mtunza stoo aliajiriwa akiwa Tabora na kuachishwa Dar es Salaam, karatasi inapaswa kuwa na mstari wa usafiri wake na mizigo yake kurudi Tabora, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Apewe pia cheti cha utumishi, hata kama hakuna anayegombana na mwenzake.

Tofauti ikijitokeza kwenye hesabu, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu namba moja, CMA F.1. Anayepinga kuachishwa kwenyewe ana siku 30. Anayedai malipo tu, kama likizo au kiinua mgongo, ana siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Mtunza stoo angekataliwa malipo yake siku ileile ya 28 Septemba, fomu yake ingetakiwa iwe mezani kwa Tume kufikia tarehe 27 Novemba, ikiambatana na mkataba, hati za mshahara, barua ya notisi na ile fomu ya likizo ya Januari.