Je, Wajua? Kipaimara cha Tengeru, Shangazi Yuko Toronto

Je, wajua kwamba video ya dakika 10 tu ya simu, ikipigwa kwa ubora wa 1080p, inaweza kufika gigabaiti 1.3? Simu nyingi hutumia hadi megabaiti 130 kwa dakika. Tuseme ni ibada ya kipaimara huko Tengeru, chini ya Mlima Meru, na shangazi aliye Toronto anaisubiri.

Je, wajua kwamba barua pepe haiibebi? Kikomo cha viambatisho kwenye Gmail ni megabaiti 25, na faili hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, jambo linaloongeza uzito wake kwa karibu theluthi moja. Video ya megabaiti 20 tayari iko mashakani.

Je, wajua kwamba WhatsApp huibana video unayoituma kwa njia ya kawaida? Vinavyopotea kwanza ni vitu vidogo na vinavyotikisika: majani ya migomba, nyuso za waliokaa viti vya nyuma. Shangazi hawezi kuvirudisha, kwa sababu havikumfikia. Ukiituma kama "Document" haibanwi, na kikomo ni gigabaiti 2, lakini video ya 4K ya ibada nzima hupita hapo mapema.

Kwa hiyo ipandishe Google Drive, kisha umtumie linki. Intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde itachukua kama dakika 35 kwa gigabaiti 1.3. Unaipandisha mara moja tu, hata kama ndugu wanaoisubiri ni ishirini. Ukitumia bando na kazi isianze kabisa, fungua mipangilio ya Drive uangalie "Transfer files only over Wi-Fi": ikiwa imewashwa, faili hubaki ikingoja Wi-Fi.

Je, wajua kwa nini shangazi huambiwa aombe ruhusa? Faili mpya huwa "Restricted". Weka barua pepe yake ya Google kama "Viewer". "Anyone with the link" ni rahisi zaidi, ila yeyote atakayerushiwa linki ataiona video, na humo wamo watoto wa watu. Mimi ningechagua barua pepe.

Akilalamika kwamba picha ina ukungu, huenda anaitazama ndani ya Drive kabla haijamaliza kuiandaa. Mwambie aipakue, faili anayopakua ni ileile uliyoipandisha.

Nafasi ya bure ni gigabaiti 15, nayo inagawanwa na Gmail na Google Photos. Ikijaa, hata barua pepe hupokei. Ndiyo maana video nzito haifai kukaa humo miaka. Lakini usiifute mpaka shangazi athibitishe kwamba ameipakua na inacheza hadi mwisho: iliyofutwa hukaa "Trash" siku 30, kisha inatoweka.