Tangazo la Kumtafuta Mbia Fundi wa Kompyuta

Matangazo mengi ya kutafuta mbia anayejua kompyuta yana sura moja. Mtu anasema ana wazo kubwa la biashara, hawezi kulitaja kwa kuwa litaibwa, anahitaji mtu wa kumtengenezea programu ya simu, mshahara hakuna ila faida itagawanywa nusu kwa nusu, mwenye nia apige simu. Kisha anashangaa mbona hapigiwi. Au anapigiwa na wanafunzi wawili watatu wa chuo ambao mwezi ukiisha hawapokei simu tena.

Tulisome tangazo hilo kwa macho ya yule linayemlenga. Fundi mzuri wa programu kwa kawaida ana ajira, au ana wateja wanaomlipa. Programu ya kufanya kazi kweli kweli itamla miezi mitano, sita, ya usiku na Jumamosi. Anaombwa atoe jasho lake lote mwanzoni, na mwenzake atoe wazo ambalo hata hajalisema. Nusu ya faida ya biashara isiyo na mteja ni nusu ya sifuri, na hesabu hiyo fundi anaijua kuliko mwenye tangazo.

Mwezi Agosti 1994 Jeff Bezos alitangaza kutafuta mafundi wa programu kwa kampuni yake changa huko Marekani, ambayo wakati huo iliitwa Cadabra na baadaye ikawa Amazon. Alikuwa akitafuta waajiriwa, si mbia, lakini mpangilio wa tangazo lake unafundisha. Neno la mwanzo kabisa lilihusu fedha: kampuni ina mtaji wa kutosha. Zikafuata kazi yenyewe na ujuzi unaotakiwa, kwamba lazima mtu ahamie eneo la Seattle na atasaidiwa gharama za kuhama, kwamba malipo yatakuwa na hisa ndani yake, na anwani ya kutuma barua. Siri ya kuuza vitabu hakuitaja, wala haikuhitajika. Msomaji alijua anachopewa, anachodaiwa na pa kujibu.

Sasa tuchukue mfano wa huku kwetu. Tuseme kuna mama mwenye kituo cha kukusanyia maziwa wilayani Lushoto. Wafugaji 140 wanaleta maziwa asubuhi na jioni, jumla yapata lita 900 kwa siku. Karani anapima kwa laktomita kuona kama yametiwa maji, anaandika lita kwenye daftari na kwenye kadi ya mfugaji, na mwisho wa mwezi anajumlisha, anakata madeni ya pumba na dawa, ndipo watu walipwe. Kujumlisha peke yake kunachukua siku tatu, na kila mwezi kuna ugomvi: kadi inasema lita 6, daftari linasema 5. Mama anataka karani aingize lita kwenye simu, mfugaji apate meseji, na hesabu ya mwezi ijitoe yenyewe. Akifanikiwa kwake, atauza huduma hiyo kwa vituo vingine.

Kabla hajaandika neno, ana kazi ya kufanya peke yake. Aende kwenye vituo vya jirani, aonyeshe kwa karatasi jinsi mambo yatakavyokuwa, aulize wangelipa kiasi gani. Tuseme vituo vitatu vimekubali kujaribu kwa shilingi 40,000 kwa mwezi kila kimoja. Hapo ana kitu cha kuweka mezani. Fundi hana wafugaji 140 wanaomwamini, hana karani, hajui kwa nini maziwa ya jioni hupungua wakati wa kiangazi. Vyote hivyo mama anavyo, na ndivyo anavyoingia navyo kwenye ubia. Tangazo lake lingeweza kuwa hivi:

"Ninaendesha kituo cha maziwa Lushoto kwa mwaka wa saba, wafugaji 140. Natafuta mbia wa kutengeneza na kutunza programu ya kurekodi maziwa na kukokotoa malipo. Vituo vitatu vimekubali kuijaribu kwa malipo. Kazi yangu: wateja, mafunzo ya makarani, fedha, vibali. Kazi yako: programu ya simu, seva, usalama wa kumbukumbu, na kupokea simu ya karani mambo yakikwama. Nimetenga shilingi 3,000,000 kwa gharama za miezi sita ya kwanza, na posho yako ni 300,000 kwa mwezi katika muda huo. Hisa ni asilimia 40, zinazopatikana kwa awamu ndani ya miaka minne. Nahitaji saa 15 za kazi kwa wiki, na uweze kufika Lushoto mara moja kwa mwezi. Ukipenda, niandikie kwa barua pepe kabla ya tarehe 20, usizidi ukurasa mmoja: taja kitu kimoja ulichotengeneza ambacho watu wanakitumia sasa, nani anakitumia, na kilishawahi kuharibika vipi. Kisha nijibu swali hili: asubuhi mtandao ukikatika kituoni, foleni ya wafugaji ikiwa imefika barabarani, programu yako itafanya nini? Wote mtajibiwa ifikapo tarehe 30."

Tangazo hilo halisemi "fundi mahiri mwenye shauku". Sifa za namna hiyo kila mtu anaamini anazo. Badala yake linataja saa, safari na simu ya karani, na hayo ndiyo yanayowachuja watu. Mtu anayependa kutengeneza lakini hapendi kusumbuliwa saa kumi na mbili asubuhi atajiondoa mwenyewe, na mama ataokoa miezi.

Swali la mtandao si mapambo. Mama hajui programu, kwa hiyo hawezi kupima ujuzi wa mtu kwa kutazama kazi yake, ila anaweza kupima jinsi anavyofikiri. Atakayejibu kwamba mtandao siku hizi ni mzuri kila mahali hajawahi kusimama kituoni. Atakayejibu kwamba lita zitahifadhiwa kwanza ndani ya simu, zitumwe mtandao ukirudi, anajua kazi. Na yule atakayeongeza kwamba kila rekodi itapewa namba yake ya pekee, ili simu ikituma mara mbili lita zisihesabiwe mara mbili, huyo ameshawahi kuumia mahali, na ndiye wa kuitwa kwanza.

Dalili nzuri kuliko zote ni maswali anayouliza mwombaji. Mmoja wao huenda akakaa akapiga hesabu ya meseji. Wafugaji 140, mara mbili kwa siku, siku 30: meseji 8,400 kwa mwezi. Tukichukulia bei ya shilingi 20 kwa meseji, hiyo ni 168,000, wakati kituo kinalipa 40,000. Kadiri wateja wanavyoongezeka ndivyo hasara inavyokua. Angemwandikia mama kwamba heri mfugaji atumiwe jumla yake mara moja kwa wiki: meseji 560, shilingi 11,200, na biashara inasimama. Hakuna shahada inayothibitisha akili ya aina hiyo. Mwombaji asiyeuliza lolote kuhusu fedha, akazungumzia tu lugha za programu anazozijua, anaweza kuwa mwajiriwa mzuri kabisa. Kwa mbia inahitajika zaidi ya hapo.

Waliobaki wawili au watatu wasipewe hisa bado. Wapewe kazi ndogo ya wiki mbili, ya kulipwa, tuseme shilingi 400,000, yenye mwisho unaoonekana: ukurasa mmoja wa kuingizia lita unaofanya kazi bila mtandao, ukajaribiwa na karani halisi kwenye foleni halisi. Wiki hizo mbili zinampima mama pia. Je, anajibu maswali kwa wakati? Anabadilisha mawazo kila jioni? Fundi mwenye busara atakuwa anaandika hayo pembeni.

Kisha hisa. Hapa ndipo ubia mwingi unapooza, na mara nyingi sababu ni ukarimu wa siku ya kwanza. Kampuni ya Kimarekani ya kukodisha magari kwa saa, Zipcar, ilianzishwa na wanawake wawili, Robin Chase na Antje Danielson, waliopeana mikono mapema kabisa kwamba kila mmoja atakuwa na nusu. Chase aliacha mambo yake akaingia kazini moja kwa moja. Danielson aliendelea na ajira yake nyingine. Hisa zikabaki sawasawa huku kazi haziko sawa, na Chase mwenyewe amesema hadharani kwamba alikuja kuujutia ule mkono.

Dawa inayotumiwa sana ni hisa kupatikana kwa awamu. Asilimia 40 za fundi wetu zinagawanywa kwa miezi 48, na mwaka wa kwanza usipotimia hapati kitu. Akiondoka mwezi wa nane, anaondoka na posho zake tu. Akifikisha miezi 12 ana asilimia 10. Akiondoka mwezi wa 18 anabaki na 15, na 25 zilizosalia zinarudi ili apewe atakayemrithi. Sharti hilo limfunge na mama vilevile. Vinginevyo fundi atauliza kwa nini mwenzake anaweza kuchoka mwezi wa tatu akabaki na asilimia 60, na hatakuwa na jibu. Kifungu cha jinsi hisa zinavyorudi akiandike wakili, kwa sababu ndicho kitakachosomwa siku ya ugomvi.

Wasipoandika chochote, sheria itawaandikia. Kwa Tanzania, Sheria ya Mikataba inasema wabia wasiokubaliana vinginevyo wanagawana faida na hasara sawasawa, na kila mmoja anadaiwa madeni ya ubia hadi kwenye mali yake binafsi. Ndiyo maana ni afadhali kusajili kampuni Brela mapema, kabla ya kituo cha kwanza kulipa. Programu nayo, kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki, ni kazi ya aliyeiandika mpaka mkataba useme imehamia kwa kampuni. Na kwa kuwa itabeba majina, namba za simu na mapato ya wafugaji, inaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, jambo ambalo tangazo limeliweka kwenye kazi ya mama kwa neno moja tu, vibali, na linastahili kuzungumzwa mkataba usijasainiwa.

Kuna mambo madogo yasiyohitaji wakili. Jina la tovuti, akaunti ya seva na akaunti ya kutumia meseji zifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni, na nywila zijulikane na watu wawili. Nakala ya programu iwekwe kila wiki mahali ambapo mama anaweza kuifikia hata kama haelewi hata mstari mmoja. Na wale waombaji wawili waliokosa wajibiwe tarehe 30 kama walivyoahidiwa, kwa maneno mazuri na sababu ya kweli, kwani fundi akiondoka mwezi wa nane, simu ya kwanza ya mama itakuwa kwa mmojawao.