Alama Huja Mwisho: Digrii, Dakika na Sekunde Kuwa Desimali, na Kurudi

Tuchukue sehemu moja ya mfano upande wa Katoyi, mjini Goma: 1°39′36″ S, 29°12′36″ E. Wengi wakiambiwa waiandike kwa desimali huziondoa zile alama ndogo, huweka nukta baada ya digrii, na kuandika 1.3936 S na 29.1236 E. Namba hizo zina sura ya koordineti halali, na ramani ya simu itazipokea bila kusita. Lakini zinaangukia karibu kilomita 30 kaskazini na 10 magharibi mwa pale tulipopataka, ubavuni mwa mlima wa moto Nyamulagira. Hapo lawama huanza: simu ni mbovu, au mawe ya lava yanavuruga satelaiti. Hili la mawe linastahili kukanushwa waziwazi. Mwamba wenye chuma unaweza kuipotosha sindano ya dira, lakini kipokezi cha GPS hakitumii sumaku. Kinapima muda ambao mawimbi ya redio yametumia kusafiri kutoka angani. Lava haina hatia. Kilichokosewa ni hesabu, na hesabu hii ina sehemu tatu tu: kwenda, kurudi, na alama.

Kwenda ni rahisi ukikumbuka kwamba digrii hugawanyika kwa sitini, kama saa. Dakika 39 si 0.39 ya digrii, kama vile saa moja na dakika thelathini si saa 1.30 bali ni saa moja na nusu. Anza na kipande kidogo kabisa. Sekunde 36 ukizigawa kwa 60 unapata dakika 0.6. Ongeza dakika 39, zinakuwa 39.6. Gawa tena kwa 60, unapata 0.66, kisha ongeza digrii 1: jumla 1.66. Kwa longitudo, dakika 12.6 ukizigawa kwa 60 ni 0.21, hivyo tuna 29.21. Ukishapewa jedwali zima la namba za desimali, kosa la kuweka nukta ovyo lina dalili yake: zitazame tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta. Katika orodha ndefu ya sehemu zilizotawanyika, desimali za kweli zitapita 59 mara kwa mara, kwa sababu zinaanzia 00 hadi 99. Kama hakuna hata moja inayofika 60, jua kwamba hizo ni dakika zilizovishwa nukta.

Kurudi ni njia ileile kinyumenyume, ila ina shimo lake. Chukua 1.6666. Digrii ni 1. Kilichobaki, 0.6666, zidisha kwa 60: 39.996, yaani dakika 39. Kilichobaki tena, 0.996, zidisha kwa 60: sekunde 59.76. Mtu akitaka sekunde kamili, ataandika 1°39′60″, jambo ambalo haliwezekani, kwa kuwa sekunde 60 ni dakika nzima. Jibu ni 1°40′00″. Ndiyo maana ni salama zaidi kubadili kwanza desimali yote kuwa sekunde, kuikadiria mara moja tu, kisha kuigawa: 1.6666 mara 3600 ni 5999.76, yaani sekunde 6000, ambazo ni dakika 100 kamili, ambazo ni digrii 1 na dakika 40. Wala usidanganyike na wingi wa tarakimu. Sekunde moja ya latitudo ni karibu mita 31 ardhini. Aliyepima kwa sekunde kamili kisha akaandika desimali nane hakuongeza usahihi wowote. Tarakimu tano, ambazo ya mwisho ina thamani ya mita moja hivi, zinamtosha kabisa.

Sasa alama. Kwa desimali, kaskazini na mashariki ni chanya, kusini na magharibi ni hasi. Katoyi basi ni -1.66, 29.21. Alama hiyo ya kutoa ni ya jumla yote, si ya digrii peke yake. Anayeandika -1 kisha akajumlisha 0.66 anapata -0.34, na ameshahama karibu kilomita 146 kuelekea kaskazini. Kompyuta nayo, ikiambiwa ishushe -1.66 hadi namba nzima iliyo chini yake, itatoa -2, si -1. Dawa ni moja kwa safari zote mbili: weka alama kando, fanya hesabu kwa namba chanya, kisha irudishe mwishoni.

Wapo wanaopinga: Goma nzima iko kusini, kila mtu anajua, alama ya nini? Lakini faili haikai Goma. Kivu Kaskazini imekatwa na ikweta, na hapo ndipo kuna mfano ambao kila mwenye kutunza jedwali la koordineti za jimbo hili anapaswa kuujua. Mji wa Lubero uko karibu dakika 10 kusini mwa ikweta. Butembo iko karibu dakika 8 kaskazini mwa ikweta, na longitudo zao hazipishani sana. Andika Lubero kama 0°10′ S. Digrii ni sifuri. Majedwali mengi huweka alama ya kutoa kwenye safu ya digrii, lakini sifuri hasi kwa kompyuta nyingi ni sifuri tu. Fomula inayouliza kama digrii ni pungufu ya sifuri itajibiwa hapana, na Lubero itahamia 0.1667 kaskazini, karibu kilomita 37 kutoka ilipo, jirani kabisa na Butembo. Fomula inayotumia `SIGN(A2)` itafanya vingine: sifuri itazidishwa na kila kitu, na Lubero italala juu ya ikweta yenyewe. Ubaya wa kosa hili ni kwamba jibu linaaminika. Goma ikipoteza alama inaangukia msitu wa Ituri, na mkaguzi atashtuka. Lubero ikipoteza alama inaangukia penye watu, barabara na maduka, na hakuna wa kushtuka. Kwa hiyo herufi ya upande ipewe safu yake, na iwe ndiyo pekee inayoamua alama:

```
=IF(OR(D2="S",D2="W",D2="O"),-1,1)*(A2+B2/60+C2/3600)
```

Hapa A2 ni digrii, B2 dakika na C2 sekunde, zote chanya. D2 ni herufi. Nimeweka `O` kwa sababu fomu za Kifaransa huandika hivyo kwa magharibi, na fomula inayojua `W` tu ingeigeuza kuwa mashariki bila onyo. Kongo yote iko mashariki mwa Greenwich, hivyo kosa hilo halionekani mpaka siku faili inapopokea sehemu ya mbali. Dakar, 14°41′34″ N, 17°26′48″ O, ni 14.6928, -17.4467, iondolee alama na inakuwa katikati ya Chadi. Kuna pia wanaoandika -1.66 S wakidhani wanaongeza usalama. Hawaongezi: programu moja itaipuuza herufi, nyingine itageuza alama mara mbili na kuipeleka Katoyi kaskazini. Chagua herufi au alama, usitumie vyote viwili. Na kabla ya kuamini fomula yoyote, ijaribu kwa 0°10′ S. Ikitoa -0.1667, itumie, ikitoa chochote kingine, irekebishe kwanza, hata kama sehemu zote za Goma ilizipatia sawasawa.