Imara Majini, Dhaifu Ubavuni

Magauni mawili meusi yanaweza kufanana hadi fundi cherehani mzoefu akayachanganya: yote laini, yote mazito kidogo, yote yanaanguka vizuri mwilini. Lebo ya moja inasema viskosi, ambayo wengi wetu tumeizoea kwa jina la rayoni. Ya pili inasema layoseli, au Tencel, ambalo ni jina la kibiashara la nyuzi hizo. Yote mawili yametoka kwenye mti. Tofauti huonekana yakitiwa kwenye beseni. La viskosi hulegea na kurefuka, na anayelisokota kwa nguvu anaweza kulichana. La layoseli hukakamaa likilowa na kustahimili kukamuliwa. Lakini baada ya kufuliwa mara nyingi, ni hilo la layoseli linaloanza kuota weupe kwenye mikunjo, kwenye ukosi na pembeni mwa mifuko, utadhani rangi imechuja. Uimara huo na weupe huo vina chanzo kimoja, nacho kiko kwenye namna unyuzi wenyewe ulivyotengenezwa kiwandani.

Malighafi haina siri. Mti, mara nyingi mkaratusi, hukatwa vipande vidogo na kupikwa kwa kemikali mpaka utomvu na ile gundi inayoushikilia mbao viondoke, ikabaki selulosi karibu tupu. Hilo ndilo rojo la mbao, ambalo hukaushwa na kuuzwa likiwa karatasi nene nyeupe. Kusini mwa Durban, katika kiwanda cha Saiccor cha kampuni ya Sappi, rojo la aina hii hutengenezwa kwa mikaratusi na kusafirishwa kwenda kwa watengenezaji wa nyuzi duniani. Selulosi ni minyororo mirefu ya glukosi iliyoungana moja baada ya nyingine. Taabu yake ni kwamba haiyeyuki kwa joto, na haiyeyuki katika maji wala katika vimiminika vingi vya kawaida. Ili kuigeuza uzi, lazima kwanza ipatikane njia ya kuifanya itiririke.

Njia ya viskosi ni ya hila. Ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1892 na Cross, Bevan na Beadle. Rojo hulowekwa katika soda kali, hukamuliwa, husagwa, kisha huachwa likae ili hewa iivunje minyororo yake kuwa mifupi zaidi. Bila hivyo kimiminika kingekuwa kizito mno kupita kwenye matundu. Kisha huongezwa kaboni disalfaidi, ambayo hujishikiza kwenye selulosi na kuigeuza kuwa kitu kingine kabisa, kitu kinachokubali kuyeyuka katika soda. Mchanganyiko huo wa rangi ya asali husukumwa kupitia sahani yenye matundu madogo na kuingia moja kwa moja kwenye asidi ya salfuri. Hapo kaboni disalfaidi inang'oka na selulosi inarudi kuwa selulosi, safari hii ikiwa unyuzi. Kemikali hiyo ni sumu ya mishipa ya fahamu. Wafanyakazi wa viwanda vya zamani waliugua, wengine wakarukwa na akili, na hata leo kuidhibiti ni gharama kubwa kwa kila kiwanda kinachotaka kufanya kazi kwa usalama.

Layoseli haipiti mzunguko huo. Rojo huchanganywa na maji na kiyeyushi kiitwacho kwa kifupi NMMO, kisha hupashwa moto penye mgandamizo mdogo wa hewa ili maji ya ziada yatoke. Maji yakipungua kiasi cha kutosha, selulosi huyeyuka yenyewe, bila kugeuzwa kuwa kitu kingine na bila minyororo yake kukatwakatwa. Hubaki kimiminika kizito mno, chenye selulosi kama sehemu 14 kwa 100, kilicho kwenye nyuzijoto 100 hivi. Hapo ndipo watu wa mitambo hukaa macho, kwa kuwa NMMO ikipata joto kupita kiasi, hasa ikiwa na mabaki ya chuma au shaba, inaweza kuanza kuoza kwa kasi na kulipuka. Kwa hiyo huongezewa dawa ya kuituliza, na joto huchungwa wakati wote. Baada ya nyuzi kupatikana, NMMO husafishwa na kurudishwa kazini, zaidi ya asilimia 99 yake. Sifa zote za layoseli kuhusu mazingira zinasimama juu ya namba hiyo, na hata hesabu za fedha pia, maana kiyeyushi ni ghali na kiwanda kinachokipoteza hakifiki mbali. Courtaulds ya Uingereza ilianza uzalishaji mkubwa mjini Mobile, Alabama, mwaka 1992. Lenzing ya Austria ilifungua kiwanda chake Heiligenkreuz mwaka 1997, na mwaka 2004 ikainunua Tencel.

Kati ya sahani yenye matundu na bafu la maji, layoseli hupitishwa kwanza hewani, nafasi ya sentimita chache tu. Humo uzi ambao bado ni kimiminika huvutwa kwa kasi mpaka unakuwa mwembamba mara kadhaa, na minyororo ya selulosi iliyokuwa imejikunja ovyo hulazimika kunyooka na kulala sambamba. Mara unapogusa maji, kiyeyushi hutoka na mpangilio ule huganda ulivyo. Viskosi, iliyozaliwa ndani ya asidi, haipati nafasi hiyo: nje yake huganda kabla ya ndani, ukingo wake ukajaa mikunjo, na minyororo yake mingi ikabaki bila mpangilio. Mnyororo wa viskosi una glukosi kama 300 hivi, wakati ule wa layoseli unafika 550 au zaidi.

Maji hupenya kwenye selulosi kupitia sehemu zisizo na mpangilio, yakaachanisha minyororo iliyoshikamana. Viskosi ina sehemu hizo nyingi, ndiyo maana ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Layoseli hubakiwa na kama asilimia 85. Pamba, ambayo watu hudhani ndiyo kipimo cha kila kitu, huongezeka nguvu ikilowa. Lakini layoseli inaanza ikiwa na nguvu nyingi kiasi kwamba hata ikiwa imeloana humshinda mpinzani huyo.

Sasa tuje kwenye weupe. Ndani ya unyuzi mmoja wa layoseli, minyororo ile iliyonyooka imekusanyika katika vijinyuzi vilivyolala kutoka mwanzo hadi mwisho, mithili ya fagio la chelewa. Shika fagio ncha zote mbili ulivute, hukati hata chelewa moja. Lakini uimara wake wa upande unategemea kamba iliyolifunga, na kamba ikilegea chelewa hutawanyika. Katika layoseli, viungo vya kando kati ya kijinyuzi na kijinyuzi ni hafifu, na maji ndiyo huvilegeza. Unyuzi ukilowa hutanuka unene kama mara moja na theluthi ya ule wa ukavuni, huku urefu ukibaki karibu uleule. Ukisuguliwa katika hali hiyo, vijinyuzi vya juu huchomoka na kujikunja nje, vinyweleo vyenye upana wa maikroni moja hadi nne. Wataalamu huita jambo hilo fibrilesheni. Kinyweleo chembamba hivyo hakina rangi ya kutosha kuonekana; kinachofanya ni kutawanya mwanga, na mwanga uliotawanyika juu ya kitambaa cheusi machoni ni weupe. Viskosi haifanyi hivi kwa kiwango hicho, kwa sababu haina vijinyuzi vilivyonyooka vya kuchomoka.

Viwandani shida hii huanza mapema. Kitambaa cha layoseli kikitiwa kwenye mashine ya rangi kikiwa kimesokotwa kama kamba, nyuzi zilizotanuka hukifanya kigumu, na mkunjo uliojifanya mwanzoni hubaki palepale na kusuguliwa kila mzunguko. Kikitoka huwa na mistari mirefu myeupe kwa urefu wa jora. Fundi asiyejua atadhani rangi haikuingia na kukirudisha kwenye rangi. Haisaidii, rangi ipo. Ndiyo maana watu wa kazi hiyo hutia mafuta maalumu ya kulainisha kabla kitambaa hakijaanza kuzunguka.

Wapo wanaoitafuta fibrilesheni kwa makusudi. Suruali ile yenye juu laini, yenye vinyweleo vifupi kama ganda la tunda, hupatikana kwa hatua tatu. Kwanza kitambaa huzungushwa na kusuguliwa majini mpaka vinyweleo virefu vijitokeze. Kisha hutiwa kimeng'enya cha selulasi, kwenye joto la nyuzi 50 na kitu na maji yenye uchachu kidogo, kwa muda wa saa moja hivi. Kimeng'enya hicho hula selulosi iliyojitokeza, na vile vinyweleo virefu ambavyo vingeishia kuwa vidonge vinaondoka. Baada ya hapo maji huchemshwa ili kimeng'enya kife, maana kikiachwa hai kitaendelea kuula uzi wenyewe. Mwisho kitambaa husuguliwa tena, vinyweleo vipya vinatoka, lakini sasa vifupi mno kushikamana kuwa vidonge.

Kwa wasiotaka weupe kabisa, ipo layoseli iliyofungwa kikemikali tangu ikiwa kiwandani kwa dutu inayounganisha kijinyuzi na jirani yake. Hizo ni ghali zaidi, na lebo ya nguo haisemi mara zote ni ipi uliyonunua. Na kwa kuwa tunazungumzia lebo: nguo inayotangazwa kuwa ya mianzi, aghalabu, ni viskosi tu. Mti hausemi unyuzi umetengenezwaje. Mwanzi unaweza kupita kwenye kaboni disalfaidi kama mkaratusi.

Nyumbani, adui wa layoseli ni msuguano ukiwa majini. Kufikicha ukosi kwa viganja, ambako wengi wetu tumefundishwa kuwa ndiko kufua, ni kuchomoa vinyweleo kwa mkono. Igeuze nje ndani, loweka, bonyeza, suuza, na kwenye mashine usijaze nguo za jinzi pamoja nayo. Viskosi haitaki kusokotwa, na ikining'inizwa imelowa hurefuka kwa uzito wa maji yake. Ianike juu ya taulo.

Ukitaka kujua kama weupe ni wa vinyweleo au rangi imechuja kweli, lowesha sehemu iliyopauka pamoja na sehemu iliyofichika chini ya ukosi. Zikilingana zikiwa zimelowa na kutofautiana zikikauka, ni vinyweleo: maji yamevilaza na kuzuia mwanga usitawanyike. Zikitofautiana hata majini, rangi imeondoka.

Kwa watengenezaji wa karatasi za kuchujia, kasoro hii ni bidhaa. Huchukua layoseli iliyokatwa vipande vifupi, huisaga majini kwa mashine za rojo mpaka kila unyuzi upasuke kuwa vijinyuzi, na kuimwaga kwenye chujio za hewa na za maji na kwenye karatasi nyembamba zinazotenganisha sehemu za betri.