Sura ya Sita: Vyumba Saba Ambavyo Maji Hayafiki

Kitengela, ukitoka Nairobi kwa barabara ya Namanga, ni mji wa matangi. Ploti nyingi za kupanga zina mawili: moja limechimbiwa ardhini, linapokea maji ya lori au ya kisima, na jingine limekaa juu, ndilo linalogawia nyumba. Kati yao kuna pampu. Swali la sura hii ni moja tu: pampu iwake lini?

Tutaweka maboya manne. Tangi la juu lina mawili: A karibu na mdomo na B karibu na kitako. Tangi la chini vilevile lina C juu na D chini. Boya likifikiwa na maji tunaandika 1, lisipofikiwa 0. P ni pampu: 1 inawaka, 0 imezima.

Kanuni ya mwenye ploti ni hii. Tangi la juu likijaa, pampu izime. Likiwa limeisha kabisa, yaani hata B limeachwa na maji, pampu iwake mradi tangi la chini lina maji kupita D. Likiwa katikati, pampu iwake pale tu tangi la chini limejaa hadi C, ili akiba ya chini isimalizwe bila sababu.

Maboya manne yanatoa hali 16. Lakini baadhi ya hali hizo maji hayawezi kuzifikia. Boya A haliwezi kuelea huku B, lililo chini yake ndani ya tangi lilelile, likiwa kavu. Hali za namna hiyo ni nne. Upande wa tangi la chini ziko nne nyingine, ambapo C limefikiwa na D halijafikiwa. Moja imehesabiwa mara mbili, kwa hiyo zinabaki saba. Kwa kuwa mwenye ploti hana amri yoyote kuhusu hali hizo, tunaziandikia X: chumba kisichojalisha.

Sasa tuchore. Mwaka 1952 Edward Veitch alichapisha chati ya kupangia hali kama hizi, na mwaka 1953 Maurice Karnaugh wa maabara za Bell akaipanga upya ikawa ramani inayobeba jina lake hadi leo. Ufundi wa Karnaugh uko katika mpangilio wa namba pembeni. Hazifuatani 00, 01, 10, 11 kama tunavyohesabu, bali 00, 01, 11, 10, ili ukivuka kutoka chumba kimoja hadi jirani yake ibadilike herufi moja tu.

```
         CD
        00  01  11  10
AB  00   0   1   1   X
    01   0   0   1   X
    11   0   0   0   X
    10   X   X   X   X
```

Kazi ni kuzungushia moja zote kwa makundi ya vyumba 2, 4 au 8 vinavyounda mstatili, makubwa iwezekanavyo. Herufi inayobadilika ndani ya kundi inaanguka, isiyobadilika inabaki. Alama ya ' maana yake herufi hiyo ni 0. X unaruhusiwa kuikusanya ikikufaa na kuiacha isipokufaa.

Tukiziacha X zote nje, tunapata makundi mawili ya vyumba viwili, na jibu ni A'B'D + A'CD, herufi sita. Tukizitumia, mambo yanapungua. Tazama moja mbili za mstari wa juu kabisa. Mstari wa juu na wa chini ni majirani, kwa sababu 00 na 10 zinatofautiana kwa herufi moja tu. Ramani inajikunja kama mkeka uliovingirishwa, ukingo ukakutana na ukingo. Basi moja hizo mbili zinaungana na X mbili zilizo chini kabisa katika safu zilezile. Katika vyumba hivyo vinne A inabadilika, C inabadilika, B inabaki 0 na D inabaki 1. Kundi linasomeka B'D. Moja iliyobaki, ile ya mstari wa pili, inaungana na iliyo juu yake na X mbili za kuliani, nalo kundi linasomeka A'C.

```
P = B'D + A'C
```

Herufi nne badala ya sita. Kwenye waya ni njia mbili zilizo sambamba, kila moja ina swichi mbili zinazofuatana, na kila boya limetumika mara moja. Mwanafunzi akileta jibu hili kwenye mtihani anapata alama zote.

Mimi nisingelifunga kwenye ploti ya mtu. Chumba cha X hakibaki X baada ya waya kufungwa. Ukikiingiza kwenye kundi la moja umekiamuru kuwa 1. Ukikiacha nje umekiamuru kuwa 0. Tuseme boya B limenasa kwenye ukuta wa tangi na linaning'inia kana kwamba ni kavu. Maji yanapanda, yanafika A, na sasa A ni 1 wakati B bado ni 0. Hali tuliyosema haiwezekani imefika, maana maji hayadanganyi ila boya hudanganya. B'D inasema 1, pampu inaendelea kusukuma na maji yanamwagika ukutani usiku kucha.

Kosa la upande wa pili ni ghali zaidi. Kajiado, ambako watu wengi hutegemea visima virefu, kisima kikishika nafasi ya tangi la chini, C na D huwa vihisio vilivyoshushwa kisimani. Kihisio C kikiganda kwenye 1 kwa unyevu au tope, maji yatashuka hadi D iwe 0 na A'C bado itasema washa. Injini ya pampu ya kisima hupozwa na maji yanayopita kandoni mwake. Ikizunguka kavu, inaungua.

Dawa iko kwenye ramani ileile, ila safari hii tunakusanya sifuri. Mstari wa 11 na wa 10 inaunda kundi la vyumba vinane: A ni 1. Safu ya 00 na ya 10, zilizo kingoni, ni kundi jingine la vinane: D ni 0. Sifuri iliyobaki katikati, ya AB 01 na CD 01, inaingia kwenye kundi la vinne ambamo B ni 1 na C ni 0. Makundi haya yanasema pampu izime lini, kwa hiyo kuwasha ni kinyume cha yote matatu kwa pamoja:

```
P = A'D(B' + C)
```

Hesabu herufi: ni nne, na kila boya tena limetumika mara moja. Hakuna swichi hata moja iliyoongezeka. Lakini sasa X zote saba zimekuwa 0. A na D zimesimama mlangoni kwa mfuatano. A likielea au D likikauka, umeme unakatika bila kujali B na C wanadai nini.

Ramani ina mpaka wake. Boya A lenyewe likinasa chini, hali inayoonekana ni ya kawaida kabisa, tangi la nusu, na hakuna kundi litakaloigundua. Hapo tegemea bomba la kumwagia maji ya ziada. Tena ramani haina kumbukumbu. Maji yakicheza penye C, pampu itawaka na kuzima ovyo, na hilo linatibiwa kwa swichi ya kuchelewesha, si kwa makundi.

Kabla ya kukabidhi kazi, hakikisha tangi la chini lina maji, kisha nyanyua boya A kwa mkono huku B likining'inia. Pampu ikinguruma, kata umeme urudi kwenye ramani.